Kaboni Iliyonyimwa Pumziko

Mkuu wa idara yetu ya kemia tunamwita Chapuchapu, na yeye, masikini wa watu, anadhani tunamsifu. Anatembea chapuchapu, anakula chapuchapu, anasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa kitabu kisha anakinukuu kwenye mikutano kana kwamba alikiandika yeye. Uprofesa aliupata vivyo hivyo, kwa molekuli moja aliyoitoa kwenye gamba la mti akaipa jina la mama yake. Mama wa watu wala hakuulizwa.

Mimi ndiye mtunza sumaku. Msije mkadhani ni ile ya kubandikia karatasi kwenye friji. Ni pipa la chuma refu kunipita, limesimama peke yake kwenye chumba cha chini, na tumboni mwake kuna koili ya waya inayoogelea kwenye heliamu ya majimaji, baridi ambayo hata sijui niifananishe na nini. Udaktari wangu niliupata kwa mashine kama hii, tena kwa jasho. Chapuchapu anaiona kama mashine ya fotokopi: tumbukiza, bonyeza, chukua karatasi yako, kwaheri.

Sasa nitawaeleza inavyofanya kazi, na mnisikilize, maana yeye nilimweleza mara chungu nzima na ni sawa na kumpigia gitaa mbuzi.

Viini vya hidrojeni, na vya kaboni ya aina fulani, vinajizungusha kama pia, na kila kimoja ni kisumaku kidogo. Ukiviingiza ndani ya sumaku kubwa vinakuwa na ngazi mbili tu za nishati: ya chini kwa vile vinavyokubaliana na sumaku kubwa, na ya juu kwa vile vinavyoipinga. Mtu mwenye haraka zake angesema basi vyote vitakimbilia chini. Thubutu! Pengo kati ya ngazi hizo ni dogo mno, hata joto la kawaida la chumba linatosha kuvirusha juu na kuvishusha, kwa hiyo vinagawana karibu nusu kwa nusu. Kwenye sumaku yetu, ukichukua viini laki moja vya hidrojeni, vya chini vinavizidi vya juu kwa vitatu hivi. Vitatu, jamani! Vingine vyote vinafutana, kama kura kwenye vikao vya idara yetu, wa ndiyo na wa hapana, mwisho kinachobaki ni kura ya mtu mmoja aliyeamka vizuri. Ishara yote tunayoipata inatoka kwenye hiyo ziada.

Kaboni ndiyo balaa zaidi. Nyingi hazina habari na sumaku kabisa. Katika mia, moja tu ndiyo inayoitika, na pengo la ngazi zake ni robo ya lile la hidrojeni, kwa hiyo ziada yake nayo ni robo. Ndiyo maana ishara yake ni hafifu kiasi cha kuzama kwenye kelele za umeme za mashine yenyewe. Unachofanya ni kuipiga sampuli mpigo wa mawimbi ya redio, unaisikiliza, unapiga tena, unasikiliza tena, unajumlisha. Ishara inajilimbikiza mahali pamoja, kelele inatangatanga. Mwishowe kompyuta inachora grafu, na kila kaboni inasimamisha ncha yake mahali pake. Ukitaka uone mara mbili vizuri zaidi, usikilize mara nne zaidi. Hakuna njia ya mkato.

Na hapa ndipo watu wa pupa wanapovunja shingo. Mpigo ukishapita, idadi ya viini kwenye ngazi ya juu na ya chini inalingana. Ile ziada haipo tena. Sharti uviache viini vipumzike, vishuke vyenyewe, tofauti irudi. Kaboni iliyoshikana na hidrojeni inarudi upesi, kwa sababu hizo hidrojeni zinaisukumasukuma. Lakini ile isiyo na hidrojeni hata moja, sisi tunaiita kaboni uchi, inaweza kutaka nusu dakika na zaidi. Ukiipiga tena kabla haijarudi, hakuna ziada, na pasipo ziada hakuna ishara. Ipige mwaka mzima ukitaka. Utaona mstari umelala bapa, na kama wewe ni mpumbavu utasema hapo hapana kitu.

Basi siku moja Chapuchapu akaitisha kikao. Foleni ya sumaku imekuwa ndefu, wanafunzi wanalalamika. Akasimama, tai imemkaba, akasema, "Ishara ni hafifu? Basi tupige haraka zaidi, tupate mipigo mingi zaidi! Kuanzia leo pumziko ni sekunde moja kwa kila mtu."

Nikanyoosha mkono. Nikawaeleza habari ya kaboni uchi, taratibu, kwa maneno ya mtoto wa shule.

"Dada yangu," akasema, "mimi nimetumia sekunde moja tangu nikiwa mwanafunzi, na nimegundua molekuli. Wewe umegundua nini?"

Wakacheka. Hata yule mhadhiri msaidizi ambaye hajui kuwasha jiko la maabara bila kuunguza nyusi, naye akacheka. Chapuchapu akamleta fundi wa kompyuta akafunga mpangilio kwa nywila, nisiuguse. Nikasema haya, shauri yenu, nikateremka kwenye chumba changu cha chini nikawaachia upuuzi wao.

Tena niwaambie kitu. Ile molekuli yake nilikuwa naitilia shaka tangu siku ya kwanza nilipoisoma. Madai yake ni kwamba inafanana mno na molekuli nyingine ya zamani, inayojulikana na kila mtu, ila mti wake umeinyofoa kaboni moja pamoja na oksijeni yake. Ushahidi? Kwenye grafu haionekani, na mashine ya kupima uzito ilionyesha uzito pungufu. Ebo! Mashine ya uzito inazivunjavunja molekuli, na kipande hicho cha kaboni na oksijeni ndicho kinachodondoka kwa urahisi kuliko vyote. Bwana mkubwa aliokota mabaki akayaita kitu kizima. Na hiyo kaboni ni uchi, haina hidrojeni hata ya kumwazima jirani. Kwa sekunde moja angeionea wapi?

Nilikuwa nacheka peke yangu kila nikiliona jina la mama yake limebandikwa ukutani kwenye fremu.

Sasa kwenye hadithi hii yumo mtu mmoja nisiyemdharau, naye ni mtoto wa dada yangu. Tunamwita Chiriku kwa sababu tangu utotoni mdomo haufungi. Alikuja kusomea udaktari wa falsafa kwenye idara yetu, na Chapuchapu, ambaye ana pua ya kunusa wenye akili wa kumfanyia kazi, akamdaka. Akampa mada: aeleze kwa kinaganaga jinsi ule mti unavyoinyofoa ile kaboni. Miaka yake yote hapa ameifanya kazi hiyo. Nafasi ya uhadhiri ilikuwa inamngoja, ameshaahidiwa, sharti apite utetezi wa tasnifu. Dada yangu kule mtaani alikuwa ameshaanza kujiita mama daktari, na nguo ya siku hiyo imeshashonwa.

Utetezi ulipangwa Jumatano. Ijumaa ya kabla yake Chapuchapu akasafiri kwenda kupokea tuzo fulani ya watu wenye haraka wenzake, na mchana Chiriku akateremka kwangu na neli ya kioo mkononi, nyembamba kama kalamu, ndani mna sampuli yake safi kuliko zote.

"Mama mdogo, naomba grafu moja nzuri ya kuonyesha ukumbini. Sumaku haina mtu mwisho wa juma."

"Iache hapo, mwanangu," nikamwambia. "Nitakupigia grafu ambayo hawajapata kuiona."

Alipoondoka tu nikaketi mbele ya kompyuta. Nywila ilikuwa jina la mama yake Chapuchapu. Nani asingeijua? Nikafungua, nikaifuta ile sekunde moja, nikaandika sitini. Sikutaka grafu nzuri. Nilitaka kitu cha kumtupia usoni yule kichwa maji arudipo na tuzo yake. Nikaiacha sumaku ipige na kupumzika, ipige na kupumzika, mpaka Jumatatu.

Jumatatu asubuhi nikawasha taa, nikaangalia kioo cha kompyuta, na lo! Kule mbali kushoto, mahali zinapokaa kaboni zilizoshikwa na oksijeni, mahali ambapo siku zote mstari ulikuwa umelala kama maiti, imesimama ncha moja, nyembamba, safi, wala haitikisiki. Ipo! Ilikuwapo siku zote, inapigwa makofi kabla haijainuka. Ile molekuli mpya si mpya hata kidogo. Ni ile ile ya zamani iliyo kwenye kila kitabu cha kiada. Nilicheka mpaka machozi. Nikacheza, mimi na mwili wangu huu, nikilizunguka pipa la sumaku, naimba jina la mama yake mtu.

Chiriku akanikuta hapo hapo, chupa ya chai mkononi.

"Kuna nini, mama mdogo? Mbona una furaha hivyo?"

"Njoo uone! Njoo uone profesa wako alivyoumbuka! Kaboni hii hapa. Ile aliyosema haipo, imekaa kitako!"

Akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Akasoma pumziko lililoandikwa pembeni: sekunde sitini. Hakuuliza kitu, maana ana akili, alielewa kabla sijamaliza kumweleza. Chupa ya chai akaiweka chini taratibu.

"Tasnifu yangu," akasema, "inaeleza mti unavyoing'oa hiyo kaboni."

Niamini ukitaka, mimi nilikuwa sijafika huko. Siku zote hizo nilikuwa naiona sura ya Chapuchapu tu, jinsi itakavyosawijika. Ya huyu sikuiwaza.

"Nani mwingine ameiona?" akauliza.

"Mimi na wewe tu."

"Nipe nakala. Na usimwambie mtu."

Akaichukua kwenye kidude cha kuhifadhia, akaondoka. Chiriku wangu, asiyenyamaza hata akiwa na chakula mdomoni, aliondoka bila hata kuaga.

Usimwambie mtu! Nilibaki na maneno hayo siku mbili, yananichoma kama pilipili kwenye kidonda. Nikajua anachotaka kufanya. Ataificha. Atasimama pale mbele, ataonyesha ule mstari uliolala, atapigiwa makofi, atapewa joho, kisha atapewa chumba cha ofisi jirani na cha Chapuchapu, na watazeeka pamoja wakidanganyana. Ndivyo wanavyotengenezwa. Akapungua machoni pangu, mtoto niliyembeba mgongoni. Potelea mbali, nikasema. Aende akawe profesa.

Jumatano nilikwenda ukumbini kwa sababu ya dada yangu tu. Alikuwa mstari wa mbele na nguo yake mpya, anageukageuka kuhakikisha watu wanamwona. Chapuchapu alikaa mezani na jopo, kifua mbele, beji ya tuzo bado anayo, hajaivua hata kwa aibu. Kando yake alikaa mtahini kutoka nje, mama mmoja mkavu, mwenye miwani, anayekunywa maji kidogo kidogo kama anayapima.

Chiriku akaanza. Picha ya mti. Picha ya gamba. Picha ya molekuli, na jina la mama yake mtu kwa herufi kubwa. Kisha grafu ile ya zamani, na mstari umelala bapa kule kushoto.

"Hapa," akasema, akiielekeza kwa mwanga mwekundu, "ndipo kaboni hiyo ingeonekana kama ingekuwapo."

Chapuchapu akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama aliyetekenywa. Mimi moyo wangu ulikuwa umejaa nyongo. Mnafiki mkubwa wee, nikamwambia kimoyomoyo. Bora hata huyu punguani mwenye beji, yeye angalau anauamini upuuzi wake. Wewe unajua. Nikashika mkoba wangu niinuke.

"Grafu hiyo," akaendelea, "ilipigwa kwa pumziko la sekunde moja. Hii ya pili ni sampuli ile ile, kwa pumziko la sekunde sitini."

Ncha ikasimama ukutani, kubwa kama mlango.

Nikakaa.

Chiriku alieleza yote: ziada ndogo ya viini kwenye ngazi ya chini, jinsi mpigo unavyozilinganisha ngazi, jinsi kaboni isiyo na hidrojeni inavyochelewa kurudi. "Tulikuwa tunaipiga kabla haijapumzika," akasema, "kisha tunasema haipo. Kwa hiyo molekuli hii si mpya. Sura ya tatu, ya nne na ya tano za tasnifu yangu zinaeleza jambo ambalo halikuwahi kutokea."

"Hiyo ni kelele!" Chapuchapu akaruka. "Kelele tu ya mashine! Huyo mwanamke wa chini amechezea mitambo!"

Mtahini akameza maji yake. "Profesa, kelele haiwezi kujirundika mahali pamoja siku mbili na nusu. Wewe uliwahi kupima kwa pumziko refu?"

Na hapo, jamani, nikaona maajabu. Yule bwana alivuta pumzi, akairekebisha beji yake, akatabasamu. "Mimi siku zote," akasema, "nimewahimiza wanafunzi wangu wawe na subira. Nafurahi kwamba mwanafunzi wangu ameusikia wito." Mate yalinijaa mdomoni na sakafu ilikuwa safi, nikayameza.

Jopo likatoka, likarudi. Mtahini ndiye aliyesoma uamuzi, na alimsifu Chiriku kwa maneno mazuri, uaminifu, ujasiri, nini na nini. Maneno hayo hayapigwi mhuri. Shahada hakupewa. Tasnifu imeanguka, atafute mada mpya, aanze utafiti upya. Nafasi ya uhadhiri haimngojei mtu, wakampa yule mwenye nyusi za kuungua awe anaishikilia. Dada yangu alikuwa anapiga makofi, maana alisikia sifa akadhani mambo yamekwisha vizuri, mpaka mtu wa kando akamnong'oneza. Akaishusha mikono mapajani, akaanza kuinyoosha nguo yake.

Nilimkuta Chiriku kwenye korido, ameegemea ukuta karibu na ubao wa matangazo. Nikamwendea mikono wazi. Fahari ilikuwa inanipasua, na haya pia, kwa yale niliyomwazia.

"Mwanangu! Umemkomesha! Umemvua nguo mbele ya umati!"

Hakunikumbatia.

"Mama mdogo, ulianza lini kuishuku hiyo molekuli?"

"Mimi? Zamani sana! Tangu siku ya kwanza niliposoma makala yake. Nilisema, huyu bwana ameokota mabaki—"

"Kabla sijaja kuanza masomo?"

"Kabla, ndiyo."

"Sampuli zangu zote zimepita mikononi mwako. Kila neli ulikuwa unaitumbukiza mwenyewe kwenye sumaku. Ulikuwa unaniuliza nimekula nini."

"Yule mjinga alifunga mashine, Chiriku! Niliwaambia kwenye kikao, wakanicheka. Nikasema basi, shauri yao."

"Shauri yao," akasema. "Na mimi nilikuwa nani?"

"Sasa si nimekupigia? Nani amekupigia hiyo grafu?"

"Hukunipigia mimi. Ulimpigia yeye. Nilikukuta unacheza." Machozi yalikuwa yanamtiririka wala hayafuti. "Nywila ulikuwa unaijua, mama mdogo. Mwisho wa juma mmoja tu, ule mwaka wangu wa kwanza. Basi."

Nikafungua mdomo nimtaje Chapuchapu tena.

"Yeye hakujua," akasema Chiriku. "Wewe ulijua."

Dada yangu akatokea mlangoni, akauliza kama tuko tayari kuondoka. Chiriku akamshika mkono wakateremka ngazi pamoja, na hakuna aliyegeuka kuniita. Matusi ninayo tele, nimeyalimbikiza miaka yote chumba cha chini, na hata moja halikumfaa mtoto yule.